Kwa nini lengo ni asilimia 2 na sio sifuri

SWALI: Mtaalamu naomba unisaidie hili. Benki kuu zinasema kazi yao ni kulinda thamani ya pesa, alafu hapo hapo zinajiwekea lengo la bei kupanda asilimia 2 kila mwaka. Kwa nini wasilenge sifuri, bei zikae palepale tujue moja? Mimi naona kama tunaibiwa kidogo kidogo kwa makusudi.

JIBU: Ndugu yangu, kwenye uchumi kuna namba mbili ambazo hazitaki kushuka hata hali ikilazimisha, ya kwanza ni mshahara ulioandikwa kwenye slipu na ya pili ni riba ikishafika sifuri. Mfumuko wa bei ukiwa sifuri unakuwa umeusimamisha uchumi mzima juu ya sakafu mbili kwa mpigo, hakuna pa kushukia, na siku hali ikiharibika kitakachoshuka ni idadi ya watu wenye kazi. Hilo la kuibiwa nitalifikia mwisho maana lina ukweli ndani yake na sitaki kulipita juu juu.

Nianze na mshahara kwa sababu hapo ndio penyewe. Tukisema mfumuko ni sifuri hatumaanishi kila bei imekaa palepale, hiyo ni wastani tu, chini ya wastani kuna vitu vinapanda na vingine vinashuka, na mishahara nayo ni hivyo hivyo, kuna fani zinatafutwa kama nini na kuna fani zinapoteza wateja kila mwaka. Uchumi wowote ulio hai lazima uwe hivyo. Sasa chukua uchumi wa sekta mbili tu, A na B, kila moja ina nusu ya wafanyakazi na wote wanalipwa 1,000 kwa mwezi (weka pesa yoyote unayotaka). Tija, yaani kile mfanyakazi mmoja anachozalisha, inakua asilimia 1 kwa mwaka kwa wastani. Kama bei zimetulia kabisa basi mishahara kwa wastani inaweza kupanda hiyo asilimia 1 tu, ikizidi hapo gharama zitasukuma bei juu. Sekta A wateja wanamiminika, inahitaji watu, ili iwavute inatakiwa ipandishe asilimia 4. Sekta B wateja wanaondoka, na ili iweze kubaki na watu wake wote mshahara unatakiwa ushuke asilimia 2. Nne ongeza kutoa mbili, gawa kwa mbili, unapata moja, hesabu imekaa vizuri kabisa kwenye karatasi.

Tatizo ni kwamba mshahara wa B kwenda 980 maana yake kuna mtu lazima aandike barua ya kumwambia kila mfanyakazi kwamba kuanzia mwezi ujao utalipwa pungufu, kazi ile ile, masaa yale yale, na barua hiyo karibu hakuna meneja anayeiandika. Kwa hiyo mshahara unabaki 1,000. Mwaka wa kwanza B inalipa asilimia 2 zaidi ya inachoweza kubeba, sio mbaya sana, bosi anavumilia. Mwaka wa pili hali ni ile ile, mshahara ulitakiwa uwe 960 bado ni 1,000, pengo limefika 4. Mwaka wa tatu ulitakiwa uwe kama 941, pengo limepita 6, na hapo uvumilivu umeisha, kwanza wanaacha kuajiri, anayestaafu haletewi mbadala, alafu ndio linakuja punguzo la wafanyakazi. Hakuna mtu aliyekatwa mshahara lakini kuna watu hawana mshahara kabisa.

Sasa rudia hesabu hiyo hiyo ila mfumuko uwe asilimia 2. Kila namba ongeza 2. A inapandisha 6, B inapandisha sifuri. Slipu ya mfanyakazi wa B inasoma 1,000 kama mwaka jana, hakuna barua, ila bei za vitu zimepanda asilimia 2 kwa hiyo uwezo wake wa kununua umeshuka kiasi kile kile kilichohitajika. Sitakudanganya kwamba mtu wa B hajaumia, ameumia, sekta yake imepungukiwa soko na hilo benki kuu haiwezi kulifuta. Tofauti ni kwamba bado yupo kazini, na wenzake wanaoona A inalipa vizuri wanahamia huko taratibu wakitokea kwenye kazi badala ya kutokea mtaani.

Watu wengi wakifika hapa wananiambia kwamba basi wafanyakazi wanadanganyika, 980 kwenye bei zilizotulia na 1,000 kwenye bei zilizopanda 2 ni kitu kile kile, wakifundishwa watakubali. Mimi sikubaliani na hilo. Mchumi wa Uingereza, Keynes, aliliandika hili mwaka 1936, kwamba mfanyakazi anapogoma kukatwa mshahara anaangalia yuko wapi ukilinganisha na wengine. Kukatwa kunakuja kwa kampuni moja au fani moja, wewe unashuka na jirani yako wa kampuni nyingine hashuki, na huna uhakika kama bosi kweli hana pesa au anakuchezea. Bei zikipanda kidogo zinapanda kwa wote. Kukataa la kwanza na kuvumilia la pili sio ujinga hata kidogo.

Na upande wa mabosi nao tunaujua vizuri kwa sababu kuna mtu alienda kuwauliza. Mchumi anaitwa Truman Bewley, miaka ya mwanzo ya 1990 kaskazini mashariki mwa Marekani wakati uchumi umedorora, aliacha modeli zake akazunguka kuhoji mamia ya mameneja na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, akawauliza kwa nini hamkati mishahara wakati nje kuna watu kibao wanatafuta kazi. Kilichojirudia ni ari ya kazi. Ukikata mshahara umemuumiza kila mtu na wote bado wako ndani, kesho wanahudumia wateja wako wakiwa na kinyongo, na wanaoondoka kwanza ni wale wazuri kwa sababu ndio wenye pa kwenda. Ukipunguza watu, walioumia wametoka nje ya geti na waliobaki wanaendelea. Ni hesabu ya kikatili lakini kwa meneja mmoja mmoja ina mantiki, ndio maana inafanyika kila mahali.

Hili linaonekana kwa macho kwenye data. Chukua orodha ya mishahara ya watu wale wale, kazi zile zile, mwaka jana na mwaka huu, piga asilimia ya mabadiliko ya kila mmoja kisha chora grafu ya wangapi wamepata ngapi. Kama mishahara ingekuwa inashuka kirahisi kama inavyopanda ungeona kilima kinachoteremka pande zote mbili. Unachoona ni kilima chenye mteremko mzuri upande wa kulia, alafu pale kwenye sifuri kamili kuna mnara umesimama peke yake, na kushoto kwake karibu patupu. Ule mnara ni wale watu ambao mishahara yao ilitakiwa ishuke ikagoma. Mfumuko ukipungua mnara unarefuka, kwa sababu kilima chote kinasogea kushoto na watu wengi zaidi wanakwama kwenye sifuri. Ila ukiisoma hiyo grafu kuwa makini na data imetoka wapi, zile za kuuliza watu kwa mdomo zinaonyesha makato mengi ya uongo kwa sababu mtu hakumbuki vizuri alikuwa analipwa ngapi, za kwenye vitabu vya malipo ya kampuni ndio za kuaminika, na hata hapo mshahara wa msingi utauona umeganda huku bonasi na ovataimu zikishuka.

Mwaka 1996 wachumi watatu, Akerlof, Dickens na Perry, waliingiza jambo hili kwenye hesabu za uchumi mzima wa Marekani wakaona kwamba kushusha mfumuko mpaka sifuri kungeongeza ukosefu wa ajira kwa kudumu, sio kwa ule muda wa mpito tu. Waliopinga walikuwa na hoja nzuri mbili. Moja, tija ikikua haraka hata mfumuko wa sifuri unaacha nafasi, maana wastani wa mishahara unapanda wenyewe, asilimia 4 ya tija inafanya kazi ile ile. Kweli kabisa, ndio maana tatizo hili linauma zaidi pale ukuaji unapokuwa wa pole pole. Mbili, watu watazoea, wakiishi na sifuri muda mrefu watakubali kukatwa. Hiyo ya pili Japani imetupa jibu lake, nalifikia sasa hivi.

Kwanza nikuonyeshe kesi ambayo mimi huwa naitumia sana, Uhispania baada ya 2008. Kabla ya hapo mikopo ilimiminika, ujenzi wa nyumba ukapaa, mishahara ikapanda kwa kasi kuliko Ujerumani, na wote wanatumia yuro kwa hiyo hakuna kushusha thamani ya sarafu. Ujenzi ulipoanguka Uhispania ilitakiwa gharama zake zishuke ukilinganisha na Ujerumani. Kama mfumuko wa ukanda mzima ungekaa kwenye 2, na Ujerumani ikaenda 3 au zaidi, Uhispania ingeweza kukaa karibu na sifuri miaka kadhaa na pengo likazibika bila mtu kukatwa. Badala yake mfumuko wa ukanda wote ulianguka mpaka chini ya asilimia 1 mwaka 2014, kwa hiyo njia iliyobaki ni mishahara kushuka kwa namba, kitu ambacho kinakwenda pole pole na kwa maumivu, na ukosefu wa ajira ulifika kama asilimia 26 mwaka 2013. Sisemi yote hiyo ni kwa sababu ya mfumuko mdogo, kuanguka kwa ujenzi na mikataba yao ya kazi ya muda mfupi vilichangia sana, lakini marekebisho yalilazimishwa kupita kwenye tundu dogo kuliko ilivyohitajika.

Haya, sakafu ya pili. Uchumi ukidorora benki kuu inashusha riba ili kukopa kuwe rahisi, watu wajenge, kampuni zinunue mashine. Riba inayomuuma mkopaji ni ile ya benki ukitoa kiasi bei zinavyopanda, ukikopa kwa 5 na bei zinapanda 2 mzigo wako halisi ni 3. Sasa tuseme uchumi ukiwa mzima riba halisi inayofaa ni 1. Mfumuko ukiwa 2 riba ya kawaida ya benki kuu itakuwa kama 3, mfumuko ukiwa sifuri itakuwa 1 tu. Mdororo ukija unashuka kutoka 1 mpaka sifuri alafu basi, maana ukiwaambia watu utawakata pesa zao za benki watatoa noti wakae nazo. Kweli kuna waliochungulia chini ya sifuri, Uswisi ilifika hasi 0.75 na Benki Kuu ya Ulaya hasi 0.5, lakini unaona hizo ni sehemu za asilimia. Linganisha na Marekani ambayo Septemba 2007 ilikuwa kwenye 5.25 na Desemba 2008 ikawa imefika sifuri mpaka 0.25, wameshusha pointi 5 na bado haikutosha. Ukianza na 1 unashusha nini?

Na hapo ndipo mporomoko wa bei unapokuwa hatari, kwa sababu unajilisha wenyewe. Riba iko sifuri haiwezi kwenda chini, bei zikianza kushuka asilimia 2 kwa mwaka riba halisi inakuwa 2 juu, yaani kukopa kumekuwa ghali zaidi wakati ule ule ambao ulitaka kuwe rahisi. Watu wanakopa kidogo, wananunua kidogo, bei zinashuka zaidi, riba halisi inapanda tena. Alafu weka madeni juu yake. Mkopo wa 10,000 umeandikwa 10,000, haujui kama bei zimeshuka, kwa hiyo bei na mapato vikishuka asilimia 2 kwa miaka 5 mfululizo deni lile lile linakuwa zito kwa zaidi ya asilimia 10 ukilipima kwa mapato ya mtu. Mchumi wa Marekani Irving Fisher aliueleza mzunguko huu mwaka 1933 akiwa katikati yake, kati ya 1929 na 1933 bei Marekani zilianguka kwa karibu robo, watu wanauza mali kwa haraka walipe madeni, kuuza kunaangusha bei, na kilichobaki kwenye deni kinakuwa kikubwa kuliko mwanzo.

Japani haikufika huko, bei zilikuwa zinashuka kidogo kidogo tu, miaka mingi chini ya asilimia 1, na ndio maana mimi naona inafundisha zaidi. Riba ya benki kuu ilifika sifuri mwaka 1999 na kwa sehemu kubwa ya miaka iliyofuata ilibaki karibu na hapo. Na mishahara yao kweli ilianza kushuka kwa namba kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, bonasi zilikatwa, walioajiriwa upya wakapewa mikataba ya muda kwa malipo ya chini. Yaani ile hoja ya kwamba watu watazoea ilitimia, ila haikuleta nafuu iliyotegemewa, kwa sababu mishahara ikishuka na riba haiwezi kushuka watu wana pesa pungufu ya kutumia na bei zinavutwa chini tena. Sakafu moja ikibomoka wakati nyingine bado ipo hujaokoka. Ilichukua mpaka Januari 2013 Benki ya Japani kutangaza lengo la asilimia 2 waziwazi, na hata baada ya hapo ilihangaika miaka mingi kulifikia kwa sababu watu walishazoea kwamba bei hazipandi.

Kuna jambo dogo la vipimo, silikalii sana. Namba ya mfumuko huwa inazidisha kidogo, haikamati vizuri bidhaa zinapoboreka au watu wanapohamia vitu vya bei nafuu. Tume ya Boskin ya Marekani mwaka 1996 ilikadiria kipimo chao kilikuwa kinazidisha kwa kama pointi 1.1 kwa mwaka. Vipimo vimerekebishwa toka hapo, lakini bado sifuri kwenye karatasi inaweza kuwa chini ya sifuri kwenye maisha.

Utauliza basi kwa nini isiwe 4 au 6, kama nafasi ni nzuri si ziongezwe. Olivier Blanchard akiwa mchumi mkuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa aliuliza swali hilo hilo mwaka 2010, na hoja yake kuhusu riba ni nzito. Kinachozuia ni kwamba hii dawa ya mishahara inafanya kazi bei zikipanda kwa kiasi ambacho watu hawakikalii kikao. Ukipandisha, watu wanaanza kudai nyongeza ya mshahara inayofuata bei kila mwaka, mikataba inaandikwa hivyo, na hapo ile nafasi ya B kukaa kwenye sifuri inapotea maana kila mtu anaanzia na ile 6. Tuliona 2022, mfumuko Marekani ulifika 9.1 mwezi Juni, ghafla kila mtu anazungumzia bei na kila chama cha wafanyakazi kipo mezani. Kwa hiyo 2 sio namba takatifu, wengine wana 3, India ina 4 na uwanja wa pointi 2 kila upande, lakini iko eneo ambalo nafasi ipo na watu bado wanaishi bila kupiga hesabu za bei kila asubuhi. Na angalia Nyuzilandi, waanzilishi wenyewe wa mambo haya ya benki kuu kujiwekea lengo la mfumuko, mwaka 1990 walianza na lengo la 0 mpaka 2, 1996 wakalipeleka 0 mpaka 3, 2002 wakaondoa sifuri kabisa ikawa 1 mpaka 3. Walioanzia karibu na sifuri ndio waliosogea juu wenyewe.

Sasa la kuibiwa. Pesa 1,000 ukiificha ndani miaka 20 mfumuko ukiwa 2 itabaki na uwezo wa kununua kama wa 673, theluthi imekwenda, hiyo ni hasara ya kweli. Lakini mwenye akiba benki au hatifungani kwa kawaida riba yake inakuwa imeshaihesabu hiyo 2, kwenye mfano wangu riba ya kawaida ilikuwa 3 badala ya 1, na mfanyakazi wa kawaida nyongeza yake kwa wastani inakuwa 3 badala ya 1. Kinachoiba ni mfumuko usiotegemewa, ule wa kuruka kutoka 2 kwenda 9 wakati umeshasaini mkataba. Anayeumia hata na ile 2 inayojulikana ni mtu mmoja hasa, mwenye pensheni au malipo yaliyoandikwa kwa namba moja mpaka afe, bila kipengele cha kurekebisha kila mwaka, na huyo ninamtetea kila ninapopata nafasi. Tiba yake ni kuweka hicho kipengele kwenye sheria ya pensheni, ni sentensi moja tu. Ukishusha lengo mpaka sifuri kwa ajili yake utakuwa umemlinda kwa gharama ya kazi za wale wa sekta B, ambao mara nyingi ndio watoto wake wanaomsaidia.